Ukipakia PDF Yenye Picha: Kipi Kinasomwa na Kipi Kinaachwa

Mtu anapopakia PDF kwenye programu ya akili unde ili apate muhtasari au takwimu zilizomo, kwa kawaida hudhani kwamba programu itauona ukurasa kama yeye anavyouona kwenye skrini, yaani maandishi, jedwali, chati na picha zikiwa kitu kimoja. Dhana hiyo ni sahihi kwa baadhi ya programu na si sahihi kwa nyingine. Hata pale ilipo sahihi, picha iliyomo ndani ya PDF haisomwi kwa ukali ule ule ambao picha hiyo hiyo ingesomwa kama ingepakiwa peke yake. Makala haya yanaeleza tofauti hiyo inatoka wapi, kwa kufuata ripoti moja ya mfano tangu inapoandikwa hadi inaposomwa.

Tuchukue ripoti ya kurasa tisa ambayo afisa ugani wa kata moja wilayani Chamwino, mkoani Dodoma, ameiandika kwa Word na kuihifadhi kama PDF. Ukurasa wa tatu una jedwali la mavuno ya alizeti na mtama, lililochapwa. Ukurasa wa nne una chati ya mvua iliyotengenezwa kwa Excel. Ukurasa wa tano una picha ya daftari la kipima mvua, lililojazwa kwa kalamu siku baada ya siku na kupigwa picha kwa simu. Ukurasa wa sita una picha ya majani ya mzabibu, na chini yake yameandikwa maelezo haya: “Picha Na. 2: Majani yenye ubwiri unga.” Kwa macho ya binadamu kurasa hizo nne zinasomeka bila taabu. Ndani ya faili, hata hivyo, kila moja imehifadhiwa kwa namna yake.

PDF ni muundo uliotolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993 na kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2008, na lengo lake tangu mwanzo lilikuwa ukurasa uonekane vile vile kwenye kila kompyuta na kila printa. Kwa hiyo ndani yake hamna “ukurasa” kama karatasi, bali mna orodha ya maagizo ya kuchora. Agizo moja husema weka herufi hizi mahali hapa kwa fonti hii, jingine husema chora mstari kutoka hapa hadi pale, na jingine husema bandika picha hii kwa upana huu. Maandishi yaliyochapwa huhifadhiwa kama herufi halisi, na ndiyo maana unaweza kuyachagua kwa kipanya na kuyanakili. Picha ya simu huhifadhiwa kama pikseli, yaani vinukta vidogo vya rangi, na herufi zilizomo ndani ya picha hiyo si herufi kwa faili, ni rangi tu. Chati iko katikati ya hayo mawili, na nitairudia kwa sababu ndiyo inayopotosha kuliko vyote.

Programu inayopokea PDF inaweza kupita njia moja kati ya mbili. Njia ya kwanza ni kuchota tabaka la maandishi pekee: programu hukusanya herufi zote zilizohifadhiwa kama herufi, huzipanga kwa mfuatano, na kuacha kila kitu kingine. Njia ya pili ni kuugeuza kila ukurasa mzima kuwa picha, kana kwamba umepigwa picha ya skrini, kisha kuipa modeli, yaani akili unde yenyewe, picha hiyo iitazame, mara nyingi pamoja na yale maandishi yaliyochotwa. Huduma moja inaweza kutumia njia ya kwanza kwenye mpango wa bure na ya pili kwenye mpango wa kulipia, au ikabadilisha utaratibu wake bila mtumiaji kuarifiwa. Kwa sababu hiyo maelezo ya kwamba programu “inapokea PDF” hayakwambii chochote kuhusu picha zilizomo.

Tuanze na njia ya kwanza. Jedwali la ukurasa wa tatu litafika likiwa na tarakimu sahihi kabisa, kwa kuwa zilichapwa, ingawa safu zinaweza kuvurugika iwapo kisanduku kimoja kilikuwa na mistari miwili. Daftari la mvua halitafika hata kidogo. Picha ya majani nayo haitafika, lakini maelezo yaliyo chini yake yatafika, na hapo ndipo mtego ulipo. Modeli iliyopokea maneno “majani yenye ubwiri unga” ina maarifa mengi kuhusu ubwiri unga, kwa hiyo inaweza kuandika aya nzuri kuhusu utando mweupe unaofanana na unga juu ya jani, na msomaji akaamini kwamba picha imetazamwa. Kama afisa alikosea na jani lile kwa kweli lina ubwiri vinyoya, ambao huonyesha madoa ya manjano juu na ukungu mweupe upande wa chini wa jani, aya hiyo itaendelea kutaja ubwiri unga kwa ujasiri ule ule. Dalili ya kutambua hali hii ni kwamba maelezo ya picha hayana kitu chochote ambacho hakikuwamo kwenye maelezo ya chini yake au kwenye maarifa ya jumla: hayataji mkono ulioshika jani, udongo mwekundu nyuma yake, wala idadi ya majani.

Sasa chati. Chati ya Excel ikibandikwa kwenye Word kama chati, mara nyingi huingia kwenye PDF kama mchoro wa mistari, si kama picha ya pikseli. Nguzo zake ni maagizo ya kuchora mistatili, na programu inayochota maandishi huzipita. Lakini majina ya miezi na namba za mhimili wa wima ni herufi halisi, kwa hiyo huchotwa. Kwa ripoti yetu, kinachobaki cha ukurasa wa nne baada ya kuchotwa ni kitu kama hiki:

```
Mvua (mm)
200
150
100
50
0
Desemba Januari Februari Machi Aprili
```

Miezi ni mitano na namba ni tano. Modeli isiyoiona chati inaweza kuzioanisha, na muhtasari ukasema kwamba Desemba ilinyesha milimita 200, Januari 150, Februari 100, Machi 50, na Aprili haikunyesha kabisa. Takwimu hizo ni za mhimili, si za mvua. Mtu wa Dodoma atashtuka kuona msimu unaoshuka kwa hatua zilizo sawa hivyo, lakini mtu aliye mbali anayekusanya ripoti za kata ishirini huenda asishtuke. Namba za mviringo zinazopungua au kuongezeka kwa kiwango kile kile ndiyo alama ya kosa hili, na kila muhtasari wa chati unapaswa kukaguliwa kwa jicho hilo. Iwapo chati ilibandikwa kama picha, basi hata namba za mhimili hazitakuwamo, na muhtasari utakaa kimya kuhusu mvua. Kimya hicho, kwa maoni yangu, ni afadhali.

Njia ya pili huondoa matatizo hayo mengi, kwa kuwa ukurasa mzima hutazamwa na nguzo za chati, jani na daftari vyote huonekana. Tatizo linalobaki ni la ukubwa, na hili ndilo linaloitenganisha PDF na picha moja.

Modeli za kutazama picha zina kikomo cha pikseli, na picha inayozidi kikomo hupunguzwa kabla ya kutazamwa. Vikomo hutofautiana na hubadilika, lakini kwa hesabu yetu tuchukue pikseli 1568 kwa upande mrefu, kiwango ambacho kimetumiwa na modeli kadhaa za Claude, akili unde ya kampuni ya Anthropic. Ukurasa wa A4 una urefu wa inchi 11.69, kwa hiyo ukurasa mzima ukipewa pikseli 1568, kila inchi inapata pikseli 134 hivi. Hizo zinatosha vizuri kwa maandishi yaliyochapwa kwa ukubwa wa kawaida. Daftari la mvua, hata hivyo, halikupewa ukurasa mzima. Afisa aliliweka kwa upana wa sentimita 8, ambazo ni inchi 3.15, ili ibaki nafasi ya aya mbili. Upana huo unapata pikseli 422, na urefu wake pikseli 563.

Simu ilipopiga picha ile ilitoa pikseli 3000 kwa 4000. Ukurasa wa daftari, pamoja na kichwa, siku za mwezi na mstari wa jumla, una mistari karibu 40, hivyo katika picha ya asili kila mstari ulikuwa na kimo cha pikseli 100. Ndani ya ukurasa wa PDF uliogeuzwa kuwa picha, kila mstari umebaki na pikseli 14. Tarakimu zilizoandikwa kwa kalamu kwa kimo hicho bado zinaweza kukisiwa, ingawa 1 na 7, au 3 na 8, huanza kufanana. Kinachopotea mapema zaidi ni nukta ya desimali. Nukta iliyokuwa na upana wa pikseli 8 kwenye picha ya asili sasa ina pikseli moja, tena iliyofifia kwa kuchanganywa na rangi ya karatasi. Hapo 12.5 husomwa 125, na siku ya mvua ya wastani inageuka kuwa siku ya mafuriko.

Picha hiyo hiyo ikipakiwa peke yake, upande wake mrefu unapunguzwa kutoka 4000 hadi 1568, na kila mstari unabaki na pikseli 39. Nukta inapata pikseli tatu. Ukiikata picha katikati kwanza, ukapakia nusu ya juu kisha nusu ya chini, kila nusu ni pikseli 3000 kwa 2000 na sasa upana ndio unaofikia kikomo, kwa hiyo kila mstari unapata pikseli 52. Hakuna kilichobadilika kwenye daftari wala kwenye mwandiko. Ni sehemu ya kikomo ambayo kila mstari umepewa tu. Kwa kazi ya mwandiko mdogo, kukata kunasaidia kuliko kuongeza mwanga au kukoleza rangi, na hakuhitaji programu yoyote zaidi ya ile iliyo kwenye simu.

Msomaji anaweza kudhani kwamba suluhisho jingine ni kuichomoa picha kutoka ndani ya PDF na kuipakia peke yake. Wakati mwingine inawezekana, lakini picha inaweza kuwa imepungua hata kabla ya kufika huko. Word, isipobadilishwa kwenye mipangilio yake, mara nyingi hupunguza picha hadi pikseli 220 kwa inchi wakati wa kuhifadhi. Kwa upana wa inchi 3.15 hiyo ni pikseli 693 badala ya 3000, na aliyechagua kuhifadhi PDF kwa ukubwa mdogo hupata chini ya hapo. Picha iliyopita WhatsApp kama picha ya kawaida, badala ya kutumwa kama waraka, nayo huwa imeshapunguzwa. Pikseli zilizotupwa hazirudi kwa kukuza ukurasa. Unachokikuza ni ukungu. Mwenye daftari aombwe faili la asili kutoka kwenye simu.

Unaweza kujua picha iliyomo ndani ya PDF imebaki na ukubwa gani bila kukisia. Kuna kifurushi cha bure kinachoitwa Poppler, chenye programu ndogo zinazoendeshwa kwa kuandika amri, na mbili kati yake zinatosha hapa:

```
pdfimages -list ripoti.pdf
pdftotext -layout ripoti.pdf maandishi.txt
```

Amri ya kwanza huorodhesha kila picha, ukurasa wake, upana na urefu wake kwa pikseli, na idadi ya pikseli kwa inchi. Daftari likionekana lina upana wa 693 na 220 kwa inchi, unajua ni Word iliyolipunguza. Chati isipoonekana kabisa kwenye orodha hiyo, ni mchoro wa mistari. Amri ya pili huandika tabaka la maandishi kwenye faili la kawaida, na faili hilo ndilo karibu kila kitu ambacho programu ya njia ya kwanza ingekipata. Asiyetaka amri anaweza kufungua PDF, kuchagua kila kitu, kunakili na kubandika kwenye Notepad. Matokeo hayatakuwa nadhifu, lakini yatamwonyesha kilichomo na kisichomo.

Jaribio hilo la kunakili lina faida nyingine kwa nyaraka zilizoskaniwa, ambazo ofisi zetu zinazo kwa wingi, kwa kuwa barua husainiwa na kupigwa muhuri kwenye karatasi kisha huskaniwa. PDF ya aina hiyo ni picha moja kubwa kwa kila ukurasa. Ukijaribu kuchagua neno na kipanya kikakamata ukurasa mzima, au kisikamate kitu, hakuna tabaka la maandishi, na programu ya njia ya kwanza haitapata chochote. Mashine nyingi za kuskani, hata hivyo, huweka nyuma ya picha tabaka la maandishi lisiloonekana, lililotokana na mashine kutambua herufi. Hapo kuna nyaraka mbili ndani ya moja: picha ambayo wewe unaiona, na maandishi ambayo programu inayasoma, na mawili hayo si lazima yafanane. Bandika maandishi hayo na utafute jina la mji. Ukikuta “Dodorna”, mashine imeiona m kama r na n zilizobanana, na ikiwa imekosea hapo, huenda imekosea pia kwenye namba za kumbukumbu na tarehe, ambako kosa halijitangazi. Kwa waraka wa aina hiyo, kupakia ukurasa unaoutaka kama picha moja kunaweza kuwa bora kuliko PDF nzima, kwa sababu tabaka bovu linabaki nyuma.

Kinyume chake pia ni kweli, na watu hukisahau. Jedwali la ukurasa wa tatu lililochapwa lisigeuzwe kuwa picha. Likiwa ndani ya PDF tarakimu zake ni herufi halisi, na programu ya njia yoyote inayochota maandishi inazipata kama zilivyochapwa. Likipigwa picha ya skrini, tarakimu zile zile zinakuwa pikseli zinazohitaji kutambuliwa upya, na nafasi ya kukosea inaundwa pasipo sababu. Ripoti yetu basi inapakiwa kwa sehemu: PDF kwa ajili ya maandishi na jedwali, na daftari, jani na chati kama picha tatu za pekee, kila moja ikiwa na jina la faili linaloitambulisha, kwa mfano `daftari_mvua_machi.jpg`. Kama jedwali la Excel lililozaa chati lipo, lipakiwe hilo, kwani hakuna sababu ya kukadiria kimo cha nguzo wakati namba yenyewe ipo.

Kujua huduma unayoitumia inapita njia gani, tengeneza PDF ya ukurasa mmoja. Chapa sentensi ya kawaida, kisha andika kwa mkono kwenye karatasi neno lisilohusiana nayo kabisa, tuseme “kibuyu” na tarakimu nne, lipige picha, na ubandike picha hiyo chini ya sentensi bila maelezo yoyote. Pakia, na utake kila kitu kilichoandikwa kwenye ukurasa. Ikirudi sentensi peke yake, ni njia ya kwanza. Ikirudi pamoja na kibuyu na tarakimu zake, ukurasa umetazamwa. Rudia ukiwa umeipunguza picha hadi sentimita 3, na utaona inapofikia mwisho wa uwezo wake. Jaribio lirudiwe baada ya mabadiliko makubwa ya huduma, na pia kwa PDF ndefu, kwa kuwa baadhi ya huduma hutazama kurasa za faili fupi lakini hurudi kwenye maandishi pekee faili linapokuwa na mamia ya kurasa.

Inafaa pia kujua kwamba PDF husomwa zaidi ya unavyoona, si pungufu tu. Jina la mkulima lililofunikwa kwa mstatili mweusi bado lina herufi zake chini ya mstatili, na kuchota maandishi kunazitoa kama kawaida. Anayetaka kuficha jina kwa uhakika ageuze ukurasa huo kuwa picha baada ya kuufunika, na kupakia picha hiyo. Hapa upungufu wa picha unageuka kuwa faida, kwa sababu ndani ya picha hakuna tabaka la chini.

Turudi kwenye daftari, maana hata picha safi iliyokatwa vizuri inahitaji kuhakikiwa, na daftari la mvua lina kihakiki chake mwenyewe: mstari wa jumla. Tuseme mwezi wa Machi ulikuwa na siku tano za mvua, milimita 12.5, 8.0, 31.2, 4.6 na 20.4, na jumla iliyoandikwa ni 76.7. Namba zilizosomwa zikijumlishwa na kutoa 189.2, tofauti ni 112.5. Igawanye kwa 9 na utapata 12.5, ambayo ndiyo siku iliyopoteza nukta, kwa kuwa namba iliyozidishwa kwa kumi huongeza jumla kwa mara tisa ya thamani yake. Tofauti ikigawanywa kwa 9 na isitoe namba inayolingana na siku yoyote, basi kosa si la nukta moja, na inabidi kurudi kwenye picha na kulinganisha mstari kwa mstari.